UZI: Friza yangu imetoa COP 0.89, hesabu ya Carnot inasema 5.1. Nimepigwa au nimepima vibaya?

Kidumu_Lita5 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Bagamoyo, nauza barafu kwa wachuuzi wa samaki. Nina friza ya kulala, lita 300 na ushee, gesi yake R600a. Bili ya umeme imenifanya nitoe daftari.

Nilinunua kile kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, nikafanya jaribio la saa 24. Niliweka vidumu vinne vya lita 5 vyenye mifuniko, jumla kilo 20 za maji ya bomba yenye nyuzi 30. Kesho yake vimeganda, na friza inasoma −18. Chumba kilikuwa nyuzi 32.

Joto lililotolewa nimelipiga hivi, kwa kilo moja:

```
maji 30 -> 0 :  4.19 x 30 = 125.7 kJ
kuganda      :              334.0 kJ
barafu 0->-18:  2.1 x 18  =  37.8 kJ
jumla        :              497.5 kJ
kilo 20      :  9950 kJ = 2.76 kWh
```

Kipima umeme kimesoma 3.1 kWh. COP ni joto lililotolewa ukiligawanya kwa umeme uliotumika, kwa hiyo COP = 2.76 / 3.1 = 0.89. Halafu nikachukua fomula ya Carnot ya kikomo, Tb ni upande wa baridi na Tj upande wa joto:

```
COP = Tb / (Tj - Tb) = 255 / (305 - 255) = 5.1
```

Sasa 0.89 kwa 5.1! Bora ningewasha hita kinyumenyume. Friza ina miaka miwili tu. Imekufa kompresa, gesi imepungua, au mimi ndiye sijui hesabu?

---

Kidato6_PCM

Kaka, mbona mimi nimepiga kwa fomula hiyohiyo nikapata hasi? −18 gawanya kwa 50 ni −0.36. COP inaweza kuwa hasi?

---

BossWaSola

COP chini ya 1 ni friza ya kutupa, mkuu. Tupa. Mimi nauza friza za DC za sola, kilo 20 za barafu kwa yuniti 0.4 tu. Piga hesabu mwenyewe uone nani anakupenda.

---

FundiGesi

@Kidato6_PCM dogo, fomula hiyo inataka kelvini. Ongeza 273 kwanza. Ukiweka selsiasi unaiambia hesabu kwamba maji yanapoganda hakuna joto lolote lililobaki ndani yake, na friza yenyewe inakukanushia hilo kila siku.

@Kidumu_Lita5 usiite mtu wa kubeba friza bado. Hesabu yako ya joto ni safi, nimeirudia. Kosa liko kwenye 3.1. Ule umeme haukugandisha maji peke yake. Friza ikiwa tupu kabisa na mfuniko umefungwa bado inakula, kwa sababu joto la chumba linapenya kuta na mpira wa mlango mchana na usiku, na kompresa inalitoa tena. Ile kazi nayo ni kazi, ila wewe hukuiandika upande wa juu wa mgawanyo. Umeandika gharama zake tu.

Fanya hivi: itoe vitu vyote, iache tupu kwenye −18 kwa saa 24, mazingira yaleyale, usome kipima umeme. Hiyo namba uitoe kwenye 3.1.

Na nikuulize jambo moja kabla hujarudi: uliupasua hata mmoja ule mzigo uone katikati?

---

NduguWaBergen

Salaam kutoka Norwe. Friza yako ni mbovu kweli ndugu yangu. Mimi nyumbani nina pampu ya joto ya hewa, nje −10, ndani 21, na bado inanipa 2.3 katika baridi hiyo ambayo hamuijui. Yako inashindwa kufika 1 kwenye joto la Bagamoyo? Kuna kitu.

---

FundiGesi

@NduguWaBergen karibu barazani, ila unalinganisha ngalawa na baiskeli. Wewe unahesabu joto linaloingia sebuleni, na ndani yake mna umeme wenyewe wa kompresa uliogeuka joto. Yeye anahesabu joto lililotolewa kwenye maji tu. Mashine ileile moja, ukiihesabu upande wa moto inapata 1 zaidi ya upande wa baridi. Kwa hiyo 2.3 yako kwa lugha ya friza ni 1.3. Subiri tuone yake ikisafishwa hesabu, huenda akakupita.

---

Kidumu_Lita5

Nimerudi. Siku mbili zimepita.

Friza tupu: 1.2 kWh kwa saa 24. Basi 3.1 − 1.2 = 1.9, na 2.76 / 1.9 = 1.45. Nimepumua kidogo.

Kuhusu kupasua: sikuwa nimepasua. Nimerudia jaribio nikapasua kimoja kwa msumeno baada ya saa 24, katikati barafu tupu. Lakini kwa saa 18 nilikuta moyo wa maji, kama yai la kuchemsha ambalo halijaiva. Ingekuwa ile mara ya kwanza nimepima saa 18 ningejipongeza kwa joto ambalo sijalitoa.

Swali langu linabaki lakini. 1.45 kwa 5.1 ni kama asilimia 28. Asilimia 72 nyingine ameila nani?

---

FundiGesi

Hapa ndipo utamu ulipo, kaa.

Ile 5.1 umeipiga kwa joto la chumba na joto la ndani ya friza. Lakini gesi haijui chumba chako. Gesi inajua bomba lake tu. Ili joto litoke kwenye vidumu liingie kwenye gesi, gesi lazima iwe baridi kuliko −18, maana joto haliendi popote bila mteremko. Na ili gesi ilitupe lile joto chumbani, lazima iwe moto kuliko 32. Kwa hiyo friza inafanya kazi kati ya ncha mbili zilizo mbali zaidi kuliko ulivyoandika.

Chukua kipimajoto chenye waya. Ncha moja ibandike kwa gundi ya karatasi kwenye ukuta wa ndani, pale theluji inapoanza kushika kwanza. Nyingine ibandike kwenye ukuta wa nje ulio na moto, kwa sababu friza nyingi za kulala za sasa kondensa yake, yaani bomba linalotupa joto nje, imefichwa nyuma ya bati la ubavuni. Funika kila ncha na kipande cha sponji isisome hewa. Soma kompresa ikiwa imezunguka dakika 20 angalau, na mzigo ukiwa ndani.

Usitumie bastola ya kupimia joto kwenye bomba la shaba linalong'aa. Inakudanganya, inasoma karibu na joto la chumba.

---

Shimo_la_Ufunguo

Mimi nimepima yangu bomba linalotoka kompresa, 71! Kwa hesabu ya fundi basi kikomo changu ni 245/(344−245), hata 2.5 haifiki. Friza zote ni utapeli.

---

FundiGesi

Hapana dada/kaka (jina halisemi). Bomba lile limebeba gesi iliyotoka kukandamizwa sasa hivi, bado haijaanza kugeuka maji. Inapoa haraka kwenye sentimita chache za mwanzo, halafu inafika mahali joto linasimama palepale kwa mita kadhaa huku ikigeuka kimiminika. Hilo joto lililosimama ndilo la kondensa. Tembeza kipimajoto kando ya bomba utaliona. Ukishuka chini zaidi linaanza kupungua tena, na hapo ni kimiminika tayari.

---

Kidumu_Lita5

Vipimo: ukuta wa ndani −26. Ubavu wa nje 45. Nikiweka mkono siwezi kuuacha muda mrefu.

---

FundiGesi

Bati linakaa kati ya gesi na kipimajoto chako, kwa hiyo gesi yenyewe iko nyuzi mbili hivi kupita ulichosoma, kila upande. Tuseme −28 na 47.

```
245 / (320 - 245) = 245 / 75 = 3.27
1.45 / 3.27 = 0.44
```

Umeona? Kutoka 5.1 kushuka hadi 3.27 hakuna kitu kilichovunjika. Ni nyuzi 10 za kuvuta joto ndani na nyuzi 15 za kulisukuma nje. Ungeweza kuzipunguza kwa kuta kubwa zaidi za kubadilishia joto, au kwa kugandisha polepole zaidi. Carnot mwenyewe alipoandika mwaka 1824 mashine yake haikuwa na haraka yoyote, tofauti ya joto karibu na sifuri, maana yake ingegandisha vidumu vyako baada ya milele. Wewe una wateja saa kumi na moja alfajiri.

Kutoka 3.27 hadi 1.45 ndiyo hasara ya ndani ya mashine. Sehemu kubwa ni kompresa yenyewe: mota ndogo inapoteza umeme kuwa joto, gesi inasuguana kwenye vali, na silinda inaipasha gesi baridi kabla haijakandamizwa. Iliyobaki ni ule mrija mwembamba kama sindano. Kimiminika kinapita pale kutoka shinikizo kubwa hadi dogo bila kufanya kazi yoyote, na sehemu yake inageuka mvuke palepale kabla haijagusa chakula chako. Carnot angeweka mashine ndogo pale airudishe ile kazi. Hakuna mtu anayeweka kwenye friza ya nyumbani, bei ingekataa.

Kwa kompresa ndogo, asilimia 40 na kitu ya kikomo cha gesi ni mashine nzima. Gesi ingekuwa imepungua usingeona −26 sawasawa. Ungeona theluji upande mmoja na upande wa pili umelowa tu, na kompresa haizimi.

---

NduguWaBergen

Nimekubali yaishe kuhusu ile 1. Nimejaribu njia yako kwangu. Bomba la nje linasoma −17 wakati nje ni −10, na la ndani 43 wakati sebule ni 21.

Kwa joto la hewa: 294/31 = 9.5. Kwa gesi: 316/60 = 5.3. Na 2.3 kwa 5.3 ni asilimia 43! Mimi na friza ya Bagamoyo tuko sawa kabisa. Sikutegemea.

Ila pampu yangu kila baada ya saa moja hivi inasimama kuyeyusha theluji ya nje, na wakati huo inachukua joto ndani. Hiyo 2.3 imeshahesabu huo wizi.

---

Kidato6_PCM

Naomba niingize swali la shule. Pampu ya joto inaipa nyumba 8 kW, ndani 22, nje 2. Muuzaji anasema inatumia 0.5 kW. Je, inawezekana? Mimi nilipata kikomo 22/20 = 1.1, na yeye anadai 16, basi ni uongo. Sahihi?

---

FundiGesi

Umefika mjini kwa njia ya porini. Jibu ni sahihi, njia ni mbovu. Kwa kelvini kikomo ni 295/20, yaani 14.75, na 16 imekipita, hivyo haiwezekani. Lakini angedai 0.8 kW, ambayo ni COP 10, wewe na 1.1 yako ungemwita mwongo vilevile, wakati Carnot hajakataa. Mwalimu mjanja atabadilisha namba moja tu akukamate.

---

Hesabu_Kavu

Sasa twende kwa BossWaSola. Kilo 20 kwa yuniti 0.4: 2.76 / 0.4 = 6.9. Kikomo cha −18 na 32 ni 5.1. Amekipita. Kesi imekwisha, uongo umethibitishwa kwa sheria ya asili. Naomba mods wafute tangazo.

---

BossWaSola

Wewe unatumia nadharia, mimi nina wateja.

---

FundiGesi

@Hesabu_Kavu simtetei Boss, lakini kwa hesabu hiyo hujamkamata.

Ile 5.1 inadhani kila kilojuli imetolewa ikiwa kwenye −18. Sivyo. Maji yalianza nyuzi 30, karibu sawa na chumba. Kuyatoa joto pale ni kama bure. Kuganda kunatokea kwenye 0, ambako kikomo ni 273/32, yaani 8.5. Ni ile barafu ya mwisho tu inayofika −18. Mashine kamilifu ingefuata maji yanavyoshuka, hatua kwa hatua, kila hatua kwa bei yake.

```
kwa kilo moja, chumba 305 K
4.19 x ln(303/273) = 0.437
334 / 273          = 1.223
2.1 x ln(273/255)  = 0.143
jumla              = 1.803 kJ/K
305 x 1.803 - 497.5 = 52.4 kJ
497.5 / 52.4        = 9.5
```

Kikomo halisi cha kugeuza maji ya nyuzi 30 kuwa barafu ya −18 kwenye chumba cha 32 ni karibu 9.5, siyo 5.1. Kwa vidumu vyote vinne ni yuniti 0.29 tu. Boss amesema 0.4. Sheria ya asili haijamkataza.

Kinachomkataza ni friza yake. Evaporeta, yaani bomba la baridi linalovuta joto ndani, ni moja, iko −25 au chini yake tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na joto lote linapita pale hata lile la nyuzi 30. Kwa mashine ya aina hiyo kikomo ni tatu na kitu, na 6.9 haipo. Kama Boss ana friza yenye evaporeta tatu za joto tofauti, alete picha.

---

Hesabu_Kavu

Bado sijaridhika. Kama mtu ananunua kitu kinachoitwa friza ya −18, kikomo cha kutumia ni cha −18. Hesabu yako ni ya mashine ambayo haipo dukani.

---

FundiGesi

Na ya Carnot ipo duka gani?

---

MamaNtilie_Hesabu

Samahani wataalamu, mimi nimeelewa kitu kimoja: joto la juu ni la bei rahisi. Sasa je, maji yakilala usiku kwenye mtungi kabla ya kuingia kwenye friza? Bibi alikuwa na mtungi, maji yake asubuhi yalikuwa baridi bila yuniti hata moja.

---

FundiGesi

Mama, umewashinda wote humu. Mtungi unavuja jasho, jasho linakauka, maji yanapoa, friza haihusiki. Pwani hewa ina unyevu mwingi kwa hiyo usitegemee zaidi ya nyuzi tano hivi. Dodoma wakati wa kiangazi ungepata zaidi. Nyuzi tano ni kilojuli 21 kati ya 497.5, kama asilimia 4. Ndogo, lakini ni ya bure. Sehemu kubwa ya mzigo ni kule kuganda, kilojuli 334, na hapo mtungi haukusaidii.

---

Kidumu_Lita5

Leteni makofi, au msilete.

Friza ilikuwa kwenye kona, ubavu mmoja umegusa ukuta, mwingine umeegemewa na makatoni. Nimeivuta sentimita 15 kila upande na makatoni nimeyahamisha. Ubavu sasa 39, ukuta wa ndani bado −26. Tupu: 1.05 kWh. Na vidumu vinne: 2.8 kWh. Tofauti 1.75, COP 1.58.

Kwa gesi: 245/(314−245) = 3.55. Na 1.58/3.55 ni asilimia 44 na nusu. Yaani mashine haikubadilika hata kidogo, nimeisogezea tu ncha ya moto karibu. Kwa siku ni yuniti 0.3, na friza yangu haipumziki hata Ijumaa.

---

Hesabu_Kavu

Chumba kilikuwa nyuzi ngapi safari hii?

---

Kidumu_Lita5

30. Mvua ilinyesha siku ile.

---

Hesabu_Kavu

Basi nyuzi mbili kati ya sita ulizopata ubavuni umepewa na mvua, siyo na kuhamisha makatoni. Na maji ya bomba yaliingia na nyuzi ngapi? Ukiandika 30 wakati yalikuwa 28, umejipa kilojuli 8 kwa kilo ambazo hukuzitoa.

---

Kidumu_Lita5

Maji sikupima mara ya pili. Nilidhani ni yaleyale.

---

FundiGesi

Amekubana vizuri. Mimi naamini sehemu kubwa ni ile nafasi, kwa sababu ubavu umeshuka zaidi kuliko chumba kilivyoshuka. Lakini kiasi gani hasa, kwa vipimo hivi hakuna anayejua. Rudisha makatoni siku ya jua, chumba kikiwa 32, pima maji kabla ya kufunga kidumu, halafu yaondoe siku ya pili yake hali ikiwa ileile.

---

Kidumu_Lita5

Makatoni ni ya mke wangu, na ameshayapangia kazi nyingine. Nitaegemeza mbao badala yake. Nikipata siku mbili za jua mfululizo nitaleta namba hapahapa.